Wosia wa kuandika mwenyewe: hatua kwa hatua kwa familia ya Tanzania Bara

Siku ya kuanua tanga, chakula kikishaliwa, wazee wa ukoo huketi na kuuliza maswali yale yale: marehemu ameacha nini, anamdai nani, anadaiwa na nani, na nani atasimamia mirathi. Kama hakuna karatasi, majibu yanatoka kwa waliokaa pale. Mtoto mkubwa anakumbuka baba akisema shamba ni lake. Mjane anakumbuka baba akisema nyumba isiguswe. Huenda wote wawili wanasema kweli, kwa sababu marehemu alimwambia kila mmoja kwa wakati wake, na hakuwahi kuwaambia wote kwa pamoja. Familia inaingia mahakamani kwa sababu hiyo hata pale ambapo hakuna mwenye tamaa.

Mwongozo huu unamfuata mtu mmoja wa mfano, tumwite mzee, anayeishi Buhongwa, Mwanza. Mke wake wa kwanza alifariki akamwachia watoto watatu, ambao sasa ni watu wazima. Ana mke wa pili aliyezaa naye wawili, wote wako shuleni. Ana pia binti mmoja aliyezaliwa nje ya ndoa, anayesoma sekondari na kuishi kwa mama yake. Mali zake ni nyumba ya Buhongwa, shamba la mpunga alilonunua Magu, eneo la ukoo alilorithi kwa baba yake, ng'ombe, pikipiki na hisa kwenye kikoba. Familia za namna hii ni nyingi, na ndizo zinazoumia zaidi pasipo wosia.

Asipoandika, nini kitatokea

Kwa Watanzania Bara wengi wanaoishi kwa mila za upande wa baba, mirathi isiyo na wosia hufuata Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436. Amri hiyo inawapanga warithi kwa madaraja. Daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa, la pili ni watoto wengine wa kiume, la tatu ni mabinti. Mjane hana fungu lake endapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake.

Rudia aya hiyo ukimfikiria mke wa pili wa mzee wetu, ambaye watoto wake bado wamevaa sare za shule. Kutunzwa kwake kungetegemea watoto ambao wenyewe wanahitaji kutunzwa, huku aliye daraja la kwanza ni kijana ambaye yeye hakumzaa. Wosia ndio njia ambayo mzee anaweza kulizuia hilo akiwa hai, bila kumuomba mtu ruhusa.

Hatua ya kwanza: amua sheria gani itakuhusu, uiandike

Watu huruka hatua hii, nayo ndiyo inayoangusha wosia nyingi. Bara kuna njia tatu za mirathi. Kuna sheria za mila, yaani Amri ya 1963. Kuna sheria ya Kiislamu. Na kuna sheria ya kiserikali, ambayo ni Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza na ambayo bado inatumika. Mgogoro ukitokea, mahakama huangalia marehemu aliishi maisha gani na alikusudia nini. Aliyeishi mjini, akafunga ndoa ya kanisani na kuachana na mambo ya mila, anaweza kuhesabiwa chini ya sheria ya kiserikali ingawa kabila lake ni lile lile la mwenzake wa kijijini. Kwa hiyo andika wazi, mstari wa mwanzo kabisa, kwamba unataka mirathi yako ifuate sheria fulani, na uongeze sentensi moja inayoonyesha kwamba ndivyo unavyoishi.

Umuhimu wa kuamua mapema unaonekana kwenye sahihi ya mke. Kwa sheria za mila, mke au wake walioko nyumbani wakati wosia unatolewa wanatakiwa kuwa miongoni mwa wanaoushuhudia. Kwa sheria ya kiserikali ni kinyume: zawadi uliyomwachia mtu aliyeshuhudia wosia, au uliyomwachia mume au mke wa shahidi huyo, inabatilika, ingawa wosia wenyewe unabaki. Ukichanganya njia mbili, sahihi ile ile inayoupa wosia nguvu upande mmoja inaweza kumnyima mke wako nyumba upande wa pili. Mzee wetu ameamua kufuata mila, basi mkewe atashuhudia. Angechagua sheria ya kiserikali, mkewe asingeshuhudia kabisa, na mashahidi wawili wasiopewa chochote wangetosha.

Mwislamu ana mipaka yake: anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, na theluthi hiyo haiendi kwa mrithi mwenye fungu lake ila warithi wengine wakiridhia. Zilizobaki zinagawanywa kwa mafungu yaliyowekwa. Hilo halifanyi wosia kuwa kazi bure. Madeni, amana za watu, mtoto wa kulea ambaye hana fungu, na jina la msimamizi wa mirathi, vyote vinahitaji kuandikwa. Akae na sheikh anayeijua mirathi kabla ya kugusa kalamu.

Hatua ya pili: tenganisha chako na kisicho chako

Huwezi kuusia mali ya mwenzako. Linasikika jepesi, lakini ndilo linalochelewesha kesi. Mzee achukue daftari, aandike kila mali na mbele yake jina lililo kwenye hati, aliipataje, na nani alichangia.

Nyumba ya Buhongwa ilianza wakati wa mke wa kwanza, ikaezekwa na kuwekwa plasta wakati wa mke wa pili, ambaye alikuwa akiuza dagaa na kulipa fundi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mali yenye jina la mmoja ni yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Na kwa upande wa talaka, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Basi mzee asiandike kwamba nyumba nzima ni yake peke yake halafu amwache mjane akapambane kuthibitisha jasho lake. Aandike mchango wa mke kama ulivyokuwa. Kauli ya marehemu mwenyewe ndani ya wosia inamwondolea mjane mzigo mkubwa.

Eneo la ukoo ni jambo lingine. Mzee analitumia, lakini kimila si la kumpa mtu aliye nje ya ukoo. Aliweke kwenye wosia kwa kutaja nani ataendelea kulitumia, asiliuze wala kulitoa zawadi. Ardhi ambayo hati yake inasema ni ya wamiliki wa pamoja, si wa hisa, humwendea moja kwa moja mmiliki aliyebaki hai, kwa hiyo angalia hati kabla hujaigawa. Mafao ya NSSF nayo hulipwa kwa wategemezi kwa utaratibu wa mfuko wenyewe. Taja tu namba yako ya uanachama ili familia ijue pa kwenda kudai.

Madeni yaandikwe pande zote mbili. Gharama za mazishi na madeni hutoka kwanza kabla mrithi yeyote hajapata kitu. Kama mzee anadaiwa laki sita na kikoba, aseme zilipwe kwa kuuza nini. Asiposema, ng'ombe aliyeahidiwa binti ndiye atakayeuzwa, na binti ataamini kaka zake wamemdhulumu.

Hatua ya tatu: eleza kila mali hadi mgeni aweze kuikuta

Kipimo ninachokitumia ni hiki: mtu asiyeijua familia yako asome wosia, aende Magu, asimame kwenye shamba lenyewe bila kumuuliza mtu. "Shamba langu la Magu" halitoshi, hasa kama una mawili. Kwa kiwanja kilichopimwa, andika namba ya kiwanja, kitalu, eneo na namba ya hati. Kwa kisichopimwa, andika kijiji na kitongoji, ukubwa kwa hatua au ekari, na majirani wa pande nne, ukitaja na alama zisizohama: mfereji, barabara, mwembe mkubwa. Taja pia mkataba wa mauziano ulipo na ulishuhudiwa ofisi gani ya kijiji.

Ng'ombe huzaa na kufa, kwa hiyo usigawe kwa idadi ya leo. Gawa kwa sehemu: "theluthi ya ng'ombe watakaokuwapo siku ya kifo changu." Akaunti za benki na namba ya simu yenye fedha zitajwe kwa jina la benki au mtandao na namba. Namba ya siri usiiandike kamwe. Msimamizi atazipata fedha kwa barua ya mahakama.

Hatua ya nne: gawa, na useme kwa nini

Hapa mzee achukue muda wake. Wengi hufikiri haki ni kugawa sawasawa, ila mwenye miaka arobaini na duka lake hana hitaji sawa na mwenye miaka tisa. Mgawo usio sawa unaweza kupokelewa vizuri kama sababu imeandikwa, kwa sababu kinachowaumiza watoto mara nyingi ni kudhani baba aliwapenda wengine zaidi.

Nyumba ndiyo ngumu kuliko vyote. Mzee anataka mke wa pili aishi humo, lakini pia anataka watoto wa mke wa kwanza wasione mama yao amefutwa. Suluhisho linalotumika sana ni kumpa mjane haki ya kuishi maisha yake yote, kisha nyumba iende kwa watoto wote. Ni zuri, ila likiachwa hivyo hivyo linazaa kesi baada ya miaka mitano. Nani atalipa kodi ya ardhi na kuziba paa linalovuja? Vyumba vya uani vikipangishwa, kodi ni ya nani? Je, mjane akiolewa tena? Watoto wakubwa wanaweza kuuza sehemu zao angali hai? Kila swali kati ya hayo lahitaji sentensi yake. Mzee wetu aliandika hivi:

"Nyumba yangu ya Buhongwa, ambayo mke wangu amechangia ujenzi wake kwa fedha za biashara yake, nusu yake naitambua kuwa ni mali yake. Nusu yangu nawaachia watoto wangu wote sita kwa hisa sawa. Mke wangu ataishi humo hadi mwisho wa maisha yake, hata akiolewa tena. Kodi ya vyumba viwili vya uani ataipokea yeye, na kwa fedha hiyo atalipa kodi ya ardhi na matengenezo. Nyumba isiuzwe akiwa hai bila ridhaa yake ya maandishi."

Hakuna neno la kisheria humo, lakini maswali yote yamejibiwa. Shamba la mpunga aliwaachia watoto watatu wakubwa, akaeleza: "kwa sababu walilima nami tangu wakiwa wadogo, na mama yao ndiye aliyeanza kulilipia." Sentensi hiyo fupi inamheshimu marehemu mke wa kwanza mbele ya kikao kizima.

Binti wa nje alitajwa kwa jina lake kamili, jina la mama yake na tarehe ya kuzaliwa, akapewa ng'ombe na ada hadi amalize kidato cha sita. Kumficha si ustaarabu, wala hakumwondoi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya haki kutoka katika mali ya mzazi wake. Asipoandikwa atakuja na mama yake siku ya msiba, na hapo ndipo kikao kinapovunjika.

Ongeza vifungu viwili ambavyo watu husahau. Kimoja kwa mrithi atakayetangulia kufa: sehemu yake iende kwa watoto wake au irudi kwa ndugu zake? Kingine kwa mali ambayo hukuitaja au utakayoipata baadaye: "mali nyingine yoyote igawiwe..." Bila kifungu hicho, pikipiki utakayonunua mwaka ujao itarudi kwenye madaraja ya 1963.

Na kama unataka kumnyima mtu urithi

Kimila huwezi kumnyima mrithi halali kwa hasira tu. Amri inataka sababu zitajwe, na sababu zinazokubalika ni nzito: mrithi amezini na mke wa mwenye wosia, amejaribu kumuua au kumdhuru yeye au mama yake, au amemtelekeza bila sababu ya haki wakati wa njaa au ugonjwa. Mrithi huyo apewe pia nafasi ya kujitetea. Ukiandika "fulani asipate kitu, ananijua mwenyewe", umempa mlango wa kuupinga wosia, na wote wengine wataumia pamoja naye. Ni salama zaidi kumpa sehemu ndogo na kueleza kwamba kubwa yake alishaipata, kwa mfano mtaji wa duka au ada ya chuo. Chini ya sheria ya kiserikali uhuru ni mpana zaidi, lakini mtoto mdogo abaki na ulinzi wake.

Hatua ya tano: chagua msimamizi

Mtaje mtu mmoja wa kusimamia mirathi na mwingine wa akiba endapo wa kwanza amefariki au amekataa. Muulize kabla. Msimamizi anaweza kuwa mrithi, lakini katika familia ya wake wawili, mtoto wa upande mmoja atatiliwa shaka na upande wa pili hata akiwa malaika. Mzee alimchagua dada yake mdogo, mwalimu mstaafu, ambaye pande zote humwita shangazi na asiye na fungu. Andika pia nani atawalea watoto wadogo iwapo mama yao naye hayupo.

Hatua ya sita: andika na utie sahihi

Tumia kalamu ya wino au kompyuta, kamwe usitumie kalamu ya risasi. Weka jina kamili, mahali unapoishi, tarehe, na kauli kwamba una akili timamu, unaandika kwa hiari yako, na kwamba unafuta wosia wowote uliotangulia. Weka namba kwenye kila ukurasa, na sahihi yako chini ya kila mmoja, ili mtu asichomoe ukurasa wa katikati.

Kimila mwenye wosia anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili: mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, naye aweke dole gumba. Mashahidi wenyewe wawe wanajua kusoma na kuandika, na wote wawepo kwa wakati mmoja. Mke aliye nyumbani ashuhudie pia. Ukiacha mke, usimweke shahidi yeyote anayepata kitu. Wosia wa mdomo unakubalika kimila kwa mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, lakini mashahidi huzeeka na kugawanyika, kwa hiyo uutumie tu pale kalamu haipatikani.

Mashahidi hawalazimiki kusoma mgawo. Kazi yao ni kuona ukitia sahihi ukiwa na akili zako, nao watie zao mbele yako, kila mmoja na jina kamili, anuani na uhusiano wake na wewe. Kama wewe ni mgonjwa au umri umekwenda sana, pata barua ya daktari ya siku hiyo hiyo au ya karibu yake, uibane pamoja na wosia. Pingamizi la kwanza mahakamani huwa ni kwamba "mzee alikuwa hajitambui".

Hatua ya saba: uhifadhi pasipofikiwa na mrithi mmoja

Wosia uliofungiwa kwenye sanduku la chumbani unaweza kupotea usiku wa msiba. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wosia, na unaweza pia kumkabidhi wakili, benki au kiongozi wako wa dini. Pata hati ya mapokezi. Kisha waambie watu wawili wa pande tofauti za familia wosia ulipo, bila kulazimika kuwaambia kilichomo. Kwa maoni yangu, mzee mwenye nguvu afanye zaidi: awaite watoto wote siku moja na kuwaeleza mgawo na sababu zake. Atakayenung'unika anung'unike baba angalipo kumjibu.

Ukibadili nia, usifute mstari na kuandika juu. Andika wosia mpya wote, na mashahidi upya, kisha uchukue ule wa zamani ulikouweka na kuuharibu. Fanya hivyo kila anapozaliwa mtoto, unapouza mali uliyoitaja, au msimamizi anapofariki. Kwa anayefuata sheria ya kiserikali, kuoa au kuolewa kunaufuta wosia wa awali wenyewe, hata kama hukuugusa.

Siku ikifika

Msimamizi achukue cheti cha kifo na wosia halisi, aende mahakamani. Mirathi ya kimila au ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, kwa kujaza Fomu Namba 1. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hadi hapo, hakuna mtu anayeruhusiwa kuuza wala kugawa kitu, hata kama jina lake limeandikwa kwenye wosia. Akishateuliwa, msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya kweli ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, na baada ya hapo hesabu za mgawo kwa Fomu Namba 6. Daftari ambalo mzee alilijaza katika hatua ya pili litamfanyia shangazi nusu ya kazi hiyo.